Mjane Aliyehukumiwa Gazetini

Mpaka leo nikiona gazeti limembandika mtu neno "hatia" na kesi yake bado inasikilizwa, mate hunijaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika. Watoto wangu hunicheka. Wanasema baba akisoma gazeti ana kelele kuliko redio. Wacheke tu. Hawakuwapo Dodoma miaka ile ya soko huria, kila mwenye vijisenti vya mtaji alipokuwa akifungua gazeti, na kila gazeti likitaka vichwa vyake vya habari viwe vyekundu kuliko vya mwenzake.

Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi katika ofisi moja ya habari ya umma. Nikawa mwandishi wa kujitegemea, jina zuri la mtu asiye na kazi. Unapeleka habari Dar es Salaam kwa faksi. Ikichapwa unalipwa, isipochapwa umekula hasara. Bunge lilipokaa, wakubwa wa magazeti walikuja wenyewe na mikoba yao, wakajaza nyumba za wageni, wakatuita "vijana wa hapa" ingawa wengine tuliwazidi umri. Bunge likifungwa wanaondoka, na sisi vijana wa hapa tunabaki na vumbi letu, upepo wetu, na mahakama.

Mahakamani tulikuwa waandishi wanne, na tulikuwa na desturi zetu. Desturi ya kwanza: kesi ina siku moja tu. Mtu akipandishwa kizimbani kwa mara ya kwanza, wote tunafika. Mwendesha mashitaka wa polisi anasoma hati ya mashitaka, na humo mna kila kitu, jina, umri, kijiji, kosa na namna lilivyotendeka, mtu anaandika kama anayenakili ubaoni. Baada ya hapo hakuna anayerudi. Kesi itatajwa, itaahirishwa, itasikilizwa, itaamuliwa, hiyo ni shauri ya hakimu na kuta zake. Ndiyo maana ukikusanya magazeti yote ya wakati ule utadhani nchi hii haijapata kumwachia mtu hata mmoja.

Desturi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Aliingia mmoja tu. Watatu walibaki kwa mama ntilie upande wa pili wa barabara wakinywa chai na vitumbua, wakimsubiri mwenzao atoke awahadithie. Akikosea yeye, yamekosea magazeti manne, na msomaji anasema habari ni ya kweli kwa sababu imeandikwa kila mahali.

Sikuwa malaika, ila jambo hili lilinitia kinyaa tangu mwanzo, kwa sababu kule nilikotoka tulifundishwa kwa kukemewa. Polisi wakimshuku mtu na kumkamata, huyo ni mtuhumiwa. Akisomewa mashitaka mbele ya hakimu, huyo ni mshitakiwa, na mshitakiwa hajafanya kitu mpaka ithibitike. Mashahidi wakisikilizwa na hakimu akaridhika pasipo shaka, hapo ndipo anatiwa hatiani, na adhabu hufuata baadaye. Asiporidhika, anamwachia huru, na mtu huyo hawezi kushitakiwa tena kwa kosa lilelile. Hata kuachiwa kuna aina zake: upande wa mashitaka ukiondoa kesi njiani, mtu anakwenda nyumbani lakini polisi wanaweza kumrudia kesho. Mambo haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu anyanyue makalio kwenye benchi la mama ntilie aingie mahakamani.

Sasa niseme habari za huyo mjane.

Alitoka Mkonze, mwanamke wa miaka arobaini hivi, Mgogo, mjane. Mumewe alimwachia nyumba ya tofali na shamba la zabibu. Matanga yalipokwisha, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akataka kumrithi, yeye pamoja na nyumba na zabibu. Mama akakataa. Baada ya mavuno ghala la shemeji likaungua mchana kweupe, uwele wote ukawa majivu. Shemeji hakuhitaji kufikiri. Akaenda polisi akasema ni huyo.

Siku aliyosomewa shitaka la kuchoma jengo kwa makusudi, tulikuwapo wote wanne, hata wale wa vitumbua. Hakimu alimuuliza kama ni kweli au si kweli.

"Si kweli," akajibu. "Na shemeji mwenyewe anajua si kweli."

Hakimu akaandika kwamba amekana. Upelelezi, alisema mwendesha mashitaka, haujakamilika. Mama akapewa dhamana, wadhamini wawili wakasaini, akaenda zake. Kesho yake magazeti matatu yalitoka na kitu kimoja: mjane achoma ghala la shemejiye. Achoma. Hakuna "mshitakiwa", hakuna "anadaiwa", hakuna "alikana". Langu peke yake, kwa bahati, lilichapa nilivyoandika, tena kwa herufi ndogo ukurasa wa ndani. Mmoja wa wenzangu akanipiga bega.

"Kaka, wewe unaandika kama barua ya serikali. Nani atanunua?"

"Atanunua anayetaka kujua."

"Basi utakufa njaa na wasomaji wako wawili hao."

Wao hawakurudi tena. Mimi nilirudi kila tarehe. Jibu la yule mama lilikuwa limenikaa kichwani, na pia, niseme ukweli, nilitaka kuwaonyesha wale wenzangu kwamba kesi ina mwili mzima, si kichwa tu.

Mashahidi wa upande wa mashitaka walikuwa watatu. Shemeji mwenyewe hakuona aliyewasha, alifika moto umeshapanda. Askari mpelelezi alieleza alivyokuta majivu. Jirani mmoja alisema alimwona mwanamke mwenye kitenge cha kijani akitoka upande wa ghala, yeye akiwa ng'ambo ya korongo. Mama, ambaye hakuwa na wakili, alimuuliza swali moja: "Uliniona uso?" Jirani akasema aliona kitenge. Hakimu aliandika yote kwa mkono, taratibu, sote tukiisubiri kalamu yake.

Mashitaka walipofunga ushahidi wao, hakimu akatoa uamuzi mdogo kwamba mshitakiwa ana kesi ya kujibu. Maana yake ni nyepesi. Hakimu anajiuliza: yaliyosemwa mpaka hapa yanatosha kumtaka mtu huyu ajieleze? Kama hayatoshi kabisa, anamwachia palepale. Kama yanatosha, anampa nafasi ajitetee, alete mashahidi wake, na hukumu bado iko mbali. Ni katikati ya safari. Mama aliambiwa haki zake, akasema atajitetea kwa kiapo na ana mashahidi wawili, akapangiwa tarehe.

Nilikwenda Posta nikatuma faksi. Nilijua ule mtego, kwa hiyo niliandika kama ninayemwelekeza mtoto: mahakama imeona mshitakiwa ana kesi ya kujibu, *hajatiwa hatiani*, ataanza kujitetea tarehe fulani. Hayo maneno mawili niliyapigia mstari.

Magazeti yalifika Dodoma kesho yake alasiri, kwa basi. Nililiona letu likiwa bado limefungwa kamba pale stendi, ukurasa wa kwanza juu kabisa: MJANE APATIKANA NA HATIA YA KUCHOMA GHALA. Chini yake jina langu, safari hii kwa herufi nene. Miezi mingapi nilitamani ukurasa wa kwanza! Nilisoma nikiwa nimesimama, nikahisi mtu amenivalisha shati lake lenye jasho. Ndani walikuwa wameyaacha maneno yangu karibu yote, isipokuwa yale mawili yenye mstari. Hayo waliyafuta.

Nikapiga simu. Mhariri wa habari alikuwa mtu mchangamfu, hakasiriki upesi, na hilo ndilo lilinikera zaidi.

"Bwana, hakimu mwenyewe kasema ana kesi. Sasa asiye na hatia anakuwaje na kesi?"

"Ana kesi ya kujibu. Hajajibu. Utamhukumuje mtu hajajibu?"

"Mzee, tusibishane kwa simu za bei hii. Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Akifungwa mwezi ujao utanishukuru, tutakuwa wa kwanza."

Wa kwanza! Nilitoka kwenye kile kibanda cha simu nikatema mate chini mbele za watu, kitu ambacho mama yangu hakunilea nikifanye.

Siku chache baadaye nilimkuta yule mama wa Mkonze ukumbini mwa mahakama, amekaa sakafuni na mzigo uliofungwa kwa kitenge. Haikuwa tarehe yake. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Gazeti ni langu, mama. Lakini siyo nilivyoandika."

Akanieleza. Shemeji alifika nyumbani kwake na gazeti mkononi, nyuma yake balozi wa nyumba kumi na wazee wa ukoo. Balozi akasoma kwa sauti, mara mbili. Kisha wakaanza kutoa vyombo nje. Yeye akasema sijahukumiwa, nina tarehe, nimepewa karatasi ya tarehe. Wakamwambia karatasi hiyo ni ya kwenda kusomewa miaka. Mfungwa anahitaji nyumba ya nini? Zabibu nani atazipogoa akiwa gerezani? Kijana wa shemeji akaingia na godoro lake jioni ileile. Yeye sasa alikuwa analala kwa dada yake Nkuhungu.

Nikachomoa mfukoni ile faksi niliyoandika kwa mkono wangu, maana posta hukurudishia karatasi yako. Hakujua kusoma. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea, mpaka pale penye mstari.

"Basi mbona wao wamesoma vingine?"

Nikamwambia wamevibadilisha Dar. Akatikisa kichwa kama anayeambiwa kwamba mvua imenyesha kwa jirani tu.

Hakimu naye alilisoma lile gazeti. Aliniita ofisini kwake, hakunikaribisha kiti. Alisema kesi iko mbele yake na gazeti limemaliza kazi kabla yake. Kwamba kumtangaza mshitakiwa ana hatia wakati shauri linaendelea ni kuingilia mahakama, na angeweza kuniita nijieleze kwa nini nisiadhibiwe kwa kuidharau. Nikampa faksi. Aliisoma yote, akanirudishia. Kisha akamwandikia mhariri barua kali, yeye mwenyewe.

Masahihisho yakatoka. Niliyatafuta kwa dakika nyingi mpaka nikayaona, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la dawa ya mende: "Katika toleo letu lililopita kulikuwa na kosa la kiufundi katika habari ya mahakama. Tunasikitika kwa usumbufu." Basi. Habari ipi, kosa gani, la nani, hakuna. Hata mimi niliyekuwa nalitafuta nusura nilipite. Kosa la kiufundi! Utadhani ni mtambo uliokaa mezani ukafuta yale maneno yangu mawili.

Mama alijitetea. Mchana ule wa moto alikuwa sokoni mjini akiuza zabibu, na mashahidi wake wawili, mwanamke aliyekaa naye kwenye genge moja na dereva aliyewabebea matenga, walisema hivyohivyo, na mwendesha mashitaka aliwahoji wasitetereke. Tarehe ya hukumu nilikuwa peke yangu kwenye benchi la waandishi. Hakimu alisoma kwa Kiingereza, kisha akamweleza mama kwa Kiswahili. Kitenge si uso, alisema. Tena askari mwenyewe, alipoulizwa, alikubali kwamba siku ile watu wa shemeji walikuwa wanachoma nyasi karibu na ghala. Mashitaka hayakuthibitishwa, na ushahidi wa utetezi anauamini: mama huyu hakuwapo. Anaachiwa huru.

Mama aliuliza kuhusu nyumba. Hakimu akamwambia, kwa upole, kwamba hilo ni shauri la madai, akalifungue Mahakama ya Mwanzo. Yeye alikuwa na kesi ya moto tu mbele yake.

Nilituma habari siku hiyohiyo. Nikapiga na simu, nikamsihi mhariri aiweke mbele, mahali palepale alipomwekea hatia, kwa ukubwa uleule. Haki ya mtu ni hiyo, nikamwambia, wala si fadhila. Akacheka. "Aliyeachiwa si habari, mzee. Mbwa kalala, sisi tumwamshe ya nini?" Siku zikapita haikutoka. Niliacha kuitazamia.

Hata hivyo mama alikuwa na mpango wake. Hakutaka kuanza na kesi ya madai. Alitaka kwanza ukoo usikie, kwa kuwa ukoo ndio uliomtoa. Tukangoja nakala ya hukumu ichapwe, na taipureta ya mahakama ilikuwa na foleni kuliko hospitali. Katikati ya kungoja nilikwenda Kondoa, huko Busi, kufuatilia ugomvi wa mashamba, nikakaa siku kadhaa mahali ambapo gazeti hufika likiwa limefungia vitumbua. Niliporudi nakala ilikuwa tayari, ina muhuri na saini. Mama akaniomba nikaisome kikaoni, kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza na Mkonze nzima hapakuwa na wa kuisoma. Nikakubali kwa moyo mmoja. Nilijiona nakwenda kusafisha jina lake.

Kikao kilikaa uani kwa balozi. Wazee wa ukoo walikuwa kwenye vigoda, shemeji kwenye kiti, mama chini kwenye mkeka pamoja na dada yake. Mbukwa, mbukwa, tukasalimiana na kila mmoja, maana hata penye chuki salamu hairukwi. Kisha nikasoma, sentensi moja Kiingereza, moja Kiswahili, ili wasiseme nimetunga. Niliposoma kwamba mama hakuwapo pale, mzee mmoja aliguna na kumtazama shemeji. Mwingine aliomba nirudie habari ya nyasi. Nikarudia. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, nilimwona mama ameinua uso.

Shemeji hakubisha. Alingoja nimalize, akaniuliza kwa adabu, "Hiyo karatasi hapa nani mwingine anaweza kuisoma?"

"Ina muhuri wa mahakama."

"Muhuri nauona. Nauliza kusoma."

Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa gazeti, letu, la wiki ile niliyokuwa Busi. Akampa balozi. "Hii ni ya Kiswahili," akasema. "Tusomee."

Balozi akavaa miwani. Nilijua kabla hajafungua mdomo, maana niliona jina langu kutoka pale nilipokuwa nimekaa. Siku hiyo bila shaka walikuwa wamepungukiwa habari, wakaikumbuka yangu. Balozi akasoma kichwa cha habari polepole, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba anasikilizwa: "ALIYECHOMA GHALA AACHIWA HURU."

Nikasema hapana, someni ndani, ndani nimeandika vizuri. Balozi akageuza karatasi. Ndani kulikuwa na mistari minne: mjane aliyechoma ghala la shemejiye ameachiwa na mahakama baada ya ushahidi kukosekana.

"Mwandishi ndiye huyu huyu," shemeji akasema, akininyooshea kidole pasipo hasira. "Na hapa anasema aliyechoma. Hajasema asiyechoma. Serikali imemsamehe, ni haki yao. Ghala halikuwa la serikali."

Nilizungumza sana. Nilieleza mshitakiwa ni nani na mwenye hatia ni nani, nikaeleza dawati la habari, nikaeleza kichwa cha habari huandikwa na mtu mwingine. Walinisikiliza kwa heshima zote, kama watu wanavyomsikiliza mlevi wa ukoo mwingine. Yule mzee aliyeguna sasa alikuwa anatazama ardhi. Balozi akakunja gazeti, akamrudishia mwenyewe, akasema ukoo hauwezi kukaa na mtu wa moto, na kama mama anataka kwenda Mahakama ya Mwanzo njia anaijua.

Tuliondoka kupitia shamba la zabibu, kwa kuwa ndiyo njia fupi ya kwenda barabarani. Hazikuwa zimepogolewa msimu ule, matawi yamelala chini hovyo. Mama akasimama, akampa dada yake ile nakala ya hukumu amshikie, akainama kuinua tawi moja, akalishikiza kwenye mti wake kwa kipande cha kamba alichokiokota palepale. Akashika la pili.

Kijana wa shemeji alitoka mlangoni akamwambia atoke kwenye shamba la watu. Akaliachia, akatoka.